Unga wa Kila Mtu

Mama yetu alipokuwa amelala hospitalini Homa Bay hakutugawia mali, kwa sababu hakuwa nayo ya kugawa. Alikuwa na mashine moja ya kusaga, katika chumba cha mabati nyuma ya soko la Migori. Alituomba mimi na kaka yangu kitu kimoja tu, kwamba mashine ile isizimwe. Tulikubali haraka, kama watu wanavyokubali lolote mbele ya mgonjwa. Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe.

Mama alisaga unga wa uji kwa wanawake waliotoka kujifungua. Hakuwa na biashara nyingine. Ukimwendea na mahindi yako ya ugali alikuelekeza kwa jirani, bila kuona haya. Wimbi alilinunua kwa Wakuria, upande wa mpakani. Sasa wimbi hupurwa chini, kwenye uwanja wa udongo, na mchanga unaoingia humo una ukubwa uleule wa punje. Chekeche haliwezi kuutoa. Kwa hiyo mama aliajiri wanawake sita wa kuosha. Walilitia wimbi kwenye karai la maji, wakalisukasuka, kisha wakayamimina maji pamoja na wimbi katika karai la pili, mchanga mzito ukabaki chini. Walifanya hivyo mara tatu. Baada ya hapo wimbi lilikaa juani juu ya turubai siku mbili, na mvua ikinyesha siku nne.

Unga huo ulikuwa ghali, na hakuna aliyelalamika. Mama mkwe anayempelekea mkaza mwana nyuka, yaani uji, hapendi asikie mchanga ukilia menoni mwa mzazi. Ni aibu ya mji mzima. Aliyekuwa na shida hiyo alijua pa kwenda, na hakuuliza bei mara mbili.

Mimi nilikuwa nimesomea biashara. Tena nilikuwa nafundisha: kila Jumatano jioni nilisimama mbele ya darasa katika chuo kidogo cha pale Migori, nikachora ubaoni sanduku lenye vyumba, kila chumba njia moja. Niliwaambia wanafunzi kuwa kuna njia chache tu za kushinda sokoni. Unaweza kuwa yule anayezalisha kwa gharama ndogo kuliko wote, na hapo nilisisitiza kwamba gharama ndogo si kitu kimoja na bei ndogo, kwani kushusha bei kila mjinga anaweza. Unaweza kuwa tofauti, kwa jambo ambalo mnunuzi analithamini na yuko tayari kulilipia zaidi ya linavyokugharimu. Au unachagua kundi dogo la watu, ukawahudumia hao peke yao vizuri kuliko anayehudumia wote anavyoweza. Asiyechagua anabaki katikati, na katikati hapana chakula. Niliyasema hayo kwa sauti nzuri, chaki mkononi, na kulipokucha nikaenda kazini kwa mama bila kuona kwamba mama alikuwa amechagua zamani.

Kisha, mama akiwa ameshafariki, ikaja kampuni kutoka nje ya kaunti zetu. Unga wao wa uji ulikuwa mahindi na muhogo, wimbi la kutia rangi tu. Walinunua kwa malori, mashine zao hazikupoa, magari yao yaliteremsha mzigo hadi vioski vya Awendo. Bei yao ilikuwa kama nusu ya yetu na bado walipata faida. Wateja wetu hawakwenda kwao. Hilo lazima niliseme, kwa sababu baadaye tulijidanganya kwamba walikwenda. Wanawake wenye watoto wachanga waliendelea kuja kwetu kama kawaida.

Aliyebabaika ni kaka yangu. Alikuwa ameendesha malori ya miwa Awendo miaka mingi, na kwake gari linalokwenda nusu tupu ni dhambi. Alipoona magari ya wale watu yamejaa, hakulala vizuri. Siku moja akaja na habari kwamba supamaketi moja ya Homa Bay iko tayari kuuza unga wetu, mradi tuusogeze karibu na bei ya ile kampuni.

"Si lazima tufike bei yao," akasema. "Tushuke tu kidogo. Jina ya mama iko, quality iko, na bei sasa inakuwa poa. Tutashika hawa wamama na tutashika watu wa supamaketi. Nani ataachwa nje?"

"Gharama yetu haiwezi kushuka," nikamwambia.

"Itashuka. Kuosha mara tatu ni ya nini? Osha mara moja. Hiyo ingine tununue mashine ya kuchekecha. Halafu unaongeza muhogo kidogo. Nani atajua?"

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na maneno yote, niliyarudia kila wiki mbele ya watu waliolipa karo kuyasikia. Lakini niliona mfuko wetu kwenye rafu iliyomulikwa na taa, watu wa mjini wakiuchukua na kuutia kwenye vikapu vyao, na nikautamani mno. Nilitaka unga wa mama ununuliwe na kila mtu. Nikasema sawa.

Wanawake watano kati ya sita waliachishwa kazi. Aliyebakizwa alikuwa mkubwa wao, mama mmoja wa Kikuria aliyefanya kazi na mama yetu tangu turubai la kwanza. Huyo nilimwita ofisini, nikamweleza kuhusu mashine ya kuchekecha. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mashine inajua mchanga?" akauliza.

"Inatoa mawe yote makubwa."

"Mawe makubwa hata kipofu anatoa, mama," akasema, akachukua karai lake akaondoka. Nilimwona ni mtu wa kizamani.

Kosa baya kuliko yote nililifanya mimi, bila kaka yangu kunishauri. Tulikuwa na mifuko mingi iliyochapwa tayari, yenye maneno "Limeoshwa mara tatu". Nikasema tumalize hiyo kwanza, ni hasara kuitupa. Kwa hiyo tukauza wimbi la karai moja katika mfuko wa makarai matatu.

Supamaketi walituweka rafuni kama walivyoahidi. Nilikwenda Homa Bay kuangalia. Unga wetu ulikaa kando ya ule wa kampuni, na wetu ulikuwa bado ghali kuliko wao, maana hatukuwa na malori yao wala wingi wao. Tulichoshusha ni bei, gharama ikabaki imetukaba koo. Nilisimama pale karibu saa nzima nikijifanya nachagua sabuni. Mwanamke mmoja aliuchukua wetu, akausoma, akatazama bei, akaurudisha, akachukua wa kampuni. Mwingine hakuugusa. Aliyetaka rahisi alipata rahisi zaidi sentimita kumi kushoto.

Na wale wa zamani? Nesi mmoja wa wadi ya wazazi pale Homa Bay, aliyekuwa akiwaelekeza kwetu wanawake bila hata kuombwa, alinirudishia pakiti iliyofunguliwa. Hakugomba. Alisema tu, "Madam, hii ina changarawe. Mimi siwezi kuambia mtu anunue tena." Nilianza kueleza habari za mashine mpya, naye akaniambia ana wagonjwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Supamaketi walitaka tushushe tena. Wazazi walipungua hadi tukawa tunawajua kwa nyuso. Kaka yangu akaongeza muhogo, mimi nikanunua mifuko inayong'aa, yaani mmoja wetu alikuwa akibomoa upande huu na mwingine akipaka rangi upande ule. Tuligombana mbele ya wafanyakazi. Nilimwita dereva wa miwa, akaniita mwalimu wa ubao.

Jumatano moja nilikuwa darasani, sanduku limechorwa ubaoni kama ilivyo ada. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima mwenye duka lake njia ya Isebania, akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anataka kuelewa.

"Madam, unga yenu mimi nilikuwa nauza. Sasa haiendi. Kwa hiyo boksi, nyinyi mko wapi?"

Darasa likageuka kunitazama. Nikasema sisi tunachanganya njia mbili, kwamba kampuni za kisasa zinaweza. Wapo wanaoweza, ni kweli, wenye ujuzi ambao sisi hatukuwa nao. Nilitumia ukweli huo kujifichia uongo. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Njia mbili zilimshinda fisi," na wote wakacheka. Nilicheka nao. Nilifuta ubao kabla ya wakati na kuwaruhusu waende nyumbani.

Ilifika siku ambapo mashine haikuwashwa, kwa kuwa hapakuwa na cha kusaga. Kaka yangu alikuwa amepata mtu wa kuinunua. Nikamwomba siku tatu.

Nilikuwa nimesikia kwamba yule mama wa Kikuria anauza wimbi lake mwenyewe, lililooshwa, na kwamba nesi wa Homa Bay sasa anawaelekeza watu kwake. Tulikwenda kwake, mimi na kaka yangu, karibu na mpaka. Uani kulikuwa na turubai, na wanawake sita wameinama juu ya makarai. Watano niliwatambua, maana nilikuwa nimewafukuza mimi.

Alituletea viti na uji. Nikamweleza tulichojia: arudi, awe mkubwa wa kazi, tuoshe tena mara tatu, mshahara atautaja yeye. Nikaongeza kuwa kwa uwezo wetu angefika Kisii, Kisumu, kila mahali.

"Kila mahali nitafanya nini?" akauliza. "Mimi niko na wazazi wangu. Mwezi huu hawa, mwezi ujao wengine. Wananitosha."

"Lakini unasaga wapi?" kaka yangu akamuuliza.

"Kwa mashine ya mahindi ya watu. Inaniharibia. Unga inatoka na mahindi ya mwingine." Akatutazama kwa zamu, kaka yangu kwanza, kisha mimi. "Ile ya mama yenu ni nzuri. Nikiwaletea wimbi, mtanisagia?"

Kaka yangu akasema ndiyo kabla hajamaliza.

"Mkisagia mtu mwingine mahindi humo, naondoa wimbi yangu. Mifuko ni yangu. Ile yenu msinionyeshe." Alisema bila kiburi, kama mtu anayetaja bei ya kuku. Mimi, bila kujua nasema nini, nikaanza kumwambia kuhusu nembo, kuhusu jinsi ningeweza kumsaidia kupanga soko lake.

Akaweka mkono juu ya goti langu.

"Mwanangu," akasema, "nyinyi sagieni tu. Ushauri kaeni nao."

Wale wanawake kwenye makarai hawakuinua vichwa, lakini mikono yao ilikuwa imesimama ndani ya maji. Nikamwuliza gunia la kwanza tulifuate siku gani.