Suti ya Kuazima kwa Mgombea Udiwani

Mke wangu alipoamua kugombea udiwani hapa Woolwich, mimi nilijiteua kuwa msimamizi wa sura yake. Hakuna aliyeniomba. Nilifundisha sekondari Morogoro miaka kumi na moja kabla ya kuja London, na mwalimu haachi kusahihisha. Alikuwa mgombea huru, hana chama cha kumchapishia chochote, kwa hiyo uwanja ulikuwa wangu.

Nikaweka sheria. Rangi moja, kijani, kwenye mabango na vipeperushi vyote. Picha moja tu, ili aliyeiona dirishani amtambue mgombea akibisha hodi. Kaulimbiu moja: "Nasikiliza kwanza." Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, majina na anwani za mchapaji na za wakala wa mgombea, maana hapa sheria inadai hivyo. Mpaka hapo nilikuwa sahihi, na bado najisifu.

Nilipoharibu ni kwenye picha yenyewe. Mke wangu anahudumia wazee majumbani mwao. Anazunguka kwa basi na sare yake ya zambarau, anawaogesha, anawavisha, anawakumbusha dawa. Alitaka apigwe picha na sare hiyo. Nikakataa katakata. Nilimwazimia suti nyeusi kwa jirani, nikamwambia asitabasamu, kiongozi hachekicheki. Chini ya jina lake nikaandika "Mtaalamu wa Afya". Binti yetu, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, aliitazama picha akasema, "Baba, that's not Mum." Nikamwambia akamalize homework yake.

Mke wangu alisema tu, "Mficha uchi hazai, baba watoto." Nikajifanya sikusikia.

Ukaja mdahalo wa wagombea kwenye ukumbi wa kanisa. Kila mmoja dakika tatu, na mwenyekiti ana kengele. Hotuba niliiandika mimi. Kwetu mtu hasimami mbele za watu akarukia habari za kuzoa takataka kabla ya kuwatambua waliohudhuria, kwa hiyo nilianza na mwenyekiti, mchungaji, imamu, wazee, walimu, akina mama wa sokoni, kisha wagombea wenzake mmoja mmoja. Aliisoma vizuri sana. Kengele ililia akiwa bado anawashukuru waliopanga viti. Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi inimeze.

Wakati wa maswali bibi mmoja wa Kiingereza, mwenye fimbo, akainua kipeperushi chetu. Akasema, "Hapa pameandikwa mtaalamu wa afya. Si wewe unayemwogesha dada yangu, ghorofa ya tisa?"

Kura zetu zote zilikuwa kwenye swali lile. Mtu akishaonekana ameitia chumvi kazi yake mwenyewe, nani atamwamini akiahidi kutengenezesha lifti za maghorofa?

Mke wangu alivua koti la suti, akaliweka juu ya kiti. "Naogesha wazee, ndiyo," akasema. "Hiyo karatasi imekosea, na mimi niliiruhusu ichapwe, kwa hiyo samahani. Ya dada yako sitayasema hapa, hayo ni siri ya kazi. Lakini lifti ya jengo lile imekufa tena, leo asubuhi nimepanda kwa miguu. Mmeshamwandikia nani?"

Bibi akaeleza. Mwingine akadakia. Mke wangu akageuza hotuba yangu, akawa anaandika nyuma yake waliyosema. Kaulimbiu niliyoibuni mezani mimi, yeye alikuwa anaitenda. Niliona fahari na aibu kwa pamoja.

Kwenye basi akaniuliza, "Ulikuwa unaionea aibu kazi yangu?"

"Ndiyo," nikasema.

Aliikunja hotuba yangu, akaitia mkobani. Kisha akacheka, akaniambia kesho niandae kamera.

Tulichapa upya. Kijani kile kile, kaulimbiu ile ile, ila sasa sare ya zambarau na meno yote nje, na maneno "Mhudumu wa Wazee". Nilipita nyumba hadi nyumba kubadilisha mabango, miguu ikawaka moto. Jirani mwenye suti yake alichukua mawili, akasema huyu wa sasa anamfahamu.

Kata yetu hutoa madiwani wawili. Kwenye ukumbi wa kuhesabia kura mke wangu alitangazwa wa pili, akanishika mkono mpaka vidole vikauma. Ndipo akanijia Mtanzania mwenzangu, mfanyabiashara, mtu ambaye siku zote nilitaka anione wa maana. Akanipigapiga begani.

"Hongera, bwana. Niliona kile kipeperushi cha suti. Kumbe shemeji ni daktari, na wewe unatuficha."

"Si daktari," nikamwambia. "Anaogesha wazee."