Aliyefunga Nyaya Hakuwepo

Baba yangu alizaliwa Machakos, mama yangu Kitui, na wote wawili waliondoka duniani bila kushika kalamu, kama nitakavyoondoka mimi. Majina yao unayajua. Yaache moyoni, kwa maana haya si makaratasi ya kurithi shamba. Mama alisuka viondo, na dada yake ndiye aliyevitia mikanda ya ngozi. Mnunuzi alipousifu mkanda, mama alimkatiza: "Huo si wangu." Hakuwa mtu wa upole. Hakupenda tu kusifiwa kwa kitu cha mwingine. Nilidhani jambo hilo huingia katika damu ya ukoo bila kufundishwa. Ulinionyesha nimekosea, nawe, mjukuu wangu, ndiwe unayeandika, kwa hiyo andika.

Mlikuwa wanne katika kituo kile cha vijana cha Soweto West, kule Kibera, mlikokwenda kujifunza umeme mdogo mdogo. Ulikuwapo wewe, alikuwapo yule kijana msemaji, alikuwapo fundi wenu wa mabati, na alikuwapo msichana aliyefunga nyaya. Lakini kazi yenyewe mliifanyia kwangu Gatina, huku Kawangware, kwa kuwa mimi ndiye mwenye tangi. Nauza maji kwa mtungi, na maji ya mfereji huja yanapotaka yenyewe; nikipitiwa na usingizi tangi hufurika, na asubuhi majirani hunitukana wakiwa wamesimama katika tope. Mkatengeneza kidude chenye macho mawili, kinachokaa chini ya kifuniko cha tangi. Hutuma mlio ambao sikio la mtu haliusikii, mlio huo hugonga maji na kurudi, nacho hupima umbali kwa muda uliotumika. Maji yakikaribia juu, king'ora hulia nami naamka. Ni kitu kizuri. Sijawahi kusema vinginevyo.

Ikaja siku ya maonyesho pale kituoni. Mwalimu wenu aliwaagiza mbele yangu: kila mtu asimame kando ya sehemu aliyoifanya, aieleze mwenyewe kwa maneno machache. Wageni waliokuja kuamua walikuwa watu wa karakana, na walikuwa wametangaza kwamba katika kila timu watamchukua kijana mmoja akajifunze kazi kwao. Hilo kila mmoja wenu alilijua.

Asubuhi msichana wa nyaya akatuma ujumbe. Kwenye nyumba anakofulia nguo walikuwa wamemkatalia ruhusa. Aliomba jambo moja: mseme ipi ni kazi yake.

Mimi nilikuwa nyuma ya meza yenu, juu ya kiti cha plastiki, nimeletwa kama bibi mwenye tangi. Nikawasikia mkinong'onezana kana kwamba uzee ni uziwi.

"Wakiona sehemu moja haina mwenyewe watasema timu imevunjika," alisema msemaji. "Wewe ingia kwa nafasi yake. Nyaya ni nyaya."

"Nitasema aje?" ukauliza.

"Sema 'mimi'. Ni neno moja tu."

"Na mwenyewe je?" nikauliza.

"Shosho, tulia. Tutamtaja mwisho, kwa shukrani."

"Shukrani hutolewa kwa aliyeazimisha viti," nikamwambia. Akacheka. Wewe ukatazama sakafu, na papo hapo nikajua utakachokifanya.

Wageni walipofika mezani, wanawake wawili na mwanamume mmoja, wenye karatasi za alama mkononi, msemaji akaanza. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mkurugenzi, akawashukuru wageni mmoja mmoja, akaisifu hali ya hewa. Nilidhani tumeitwa harusini. Mlikuwa na dakika kumi, naye alikuwa akizimwaga kama tangi langu. Mwishowe mama mmoja katika wale wageni akatazama saa.

"Kijana, tuonyeshe kitu chenyewe."

Fundi wa mabati akamimina maji katika ndoo, king'ora kikalia, watu wa meza za jirani wakapiga makofi.

"Sawa," akasema yule mama. "Sasa nani alifanya nini?"

Fundi akaeleza vizuri: sanduku ni lake, amelikata mwenyewe, na ameziba viungo kwa silikoni ili mvuke wa tangi usiingie. Msemaji akasema yeye ndiye aliyezunguka kwa wauza maji akiuliza shida zao, na hilo lilikuwa kweli. Miguu yake haikuwa na makosa, makosa yalikuwa juu zaidi. Kisha ukasogea mbele ya nyaya.

"Mimi niliunganisha nyaya na kuandika programu."

"Vizuri. Mwanzoni ni nini kilikataa?"

Ukagusa waya mmoja. Kisha ukasema, "Hakuna. Ilifanya kazi tu."

"Mwanangu," yule mama akasema, "hakuna kitu kinachofanya kazi tu."

Jibu nilikuwa nalo. Kwangu king'ora kile kilipiga kelele siku nyingi wakati tangi halijafika hata nusu, hadi jirani akaapa kukitupa barabarani. Lakini nilifumba kinywa, kwa sababu swali halikuwa langu. Ukageuka kunitazama, ukaniita bibi kwa Kikamba.

"Susu..."

"Usinitazame mimi. Aliyekuuliza yuko mbele yako."

Msemaji akajaribu kuingilia: "Anamaanisha tulisaidiana, kama timu..."

"Wewe umeshasema," mgeni akamwambia.

Ndipo ukatoa sauti. "Si mimi. Ni mwenzetu. Amekosa ruhusa, yuko kazini anafua."

Hakukukaripia, na hilo lilinikera, mimi ningekukaripia. Alisema tu: "Basi tueleze kazi yake, na useme ni yake."

Ukaeleza. Kwamba aligundua maji yanayoanguka kutoka kwenye bomba yalirukaruka chini ya yale macho, nacho kidude kikadhani tangi limejaa. Kwamba alikihamishia upande wa pili, mbali na mdomo wa bomba, kisha akakifundisha kupima mara kadhaa na kuchukua kipimo cha katikati.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilishika ngazi. Na tochi."

"Hiyo nayo ni kazi," akasema, akaiandika. Kisha akaomba nambari ya simu ya asiyekuwapo.

Walipoondoka msemaji akakugeukia: "Umetuchoma! Umetuchoma sote!" Nawe ukalia njia nzima mpaka Kawangware. Sikukununulia hata soda.

Baadaye walimpigia yule msichana simu, wakamwita, wakamhoji, na nafasi ya timu yenu wakampa yeye. Alikuja kwangu jioni moja, vidole vimekunjamana kwa sabuni.

"Ni ukweli ulisema ni mimi?" akakuuliza.

"Nilisema mwisho."

"Lakini ulisema." Akavuta kigoda. "Ungesema mwanzo ningekuletea mandazi. Sasa nimekuja mikono mitupu."

Mkacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nafasi yake ilikuwa imening'inia kwenye swali moja ambalo mgeni angeweza kulisahau, na nyinyi mnacheka.

Sasa nisikilize. Nilipolitamka lile neno lako, "mimi niliunganisha nyaya", kalamu yako ilisimama, ukauliza kama tunaweza kuliruka. Hatuwezi. Liweke lote, kama ulivyolisema. Weka ngazi na tochi, kwa sababu hizo ni zako kweli. Weka mikono ya yule msichana. Hotuba ya msemaji juu ya hali ya hewa waweza kuikata zaidi, wasomaji wana shughuli zao. Wala usiandike kwamba nilikusamehe. Hilo hujaniomba bado.