Hati ya Vasugi Ilipotoka Benki

Mwezi wa pili mwaka 2018, Dhanapal alilipa awamu ya mwisho ya mkopo wake na hakumwambia mtu yeyote. Alirudi karakanani Nachiyarkoil, kusini mwa India, akavua shati, akaendelea kupiga msasa shingo ya taa ya shaba iliyokuwa imeagizwa na hekalu moja la Mannargudi. Mafundi wake walidhani alikuwa ametoka kununua mkaa.

Mkopo ulikuwa wake. Nyumba iliyowekwa rehani haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake mkubwa, Vasugi, aliyepewa na baba yao kabla ya kufa, nyumba ya vigae yenye baraza ambako Vasugi, aliyefiwa na mume, husaga mchele na choroko nyeusi na kuuza rojo kwa watu wanaopika idli, vile vitumbua vyeupe vya mvuke, asubuhi. Miaka tisa kabla ya hapo, tanuri la Dhanapal lilipoporomoka, alimwendea dada yake akaomba hati ya nyumba kwa miaka miwili. Vasugi aliingia ndani, akatoka nayo ikiwa imefungwa katika kitambaa cha njano. Hakuuliza riba ni kiasi gani. Siku hiyohiyo alikwenda benki, akaikabidhi kwa mkono wake, akatia sahihi kila alipoonyeshwa.

Miaka miwili ikawa minne, ikawa saba. Katikati ya hapo Kayalvizhi, binti wa Vasugi, alipata nafasi katika chuo cha uhandisi cha kulipia huko Tiruchi. Benki nyingine ilikubali kumkopesha ada kwa dhamana ya nyumba, na nyumba ilikuwa imeshafungwa na rehani ya Dhanapal. Kayal akaenda kuuza sari katika duka la ghorofa nne Kumbakonam. Yuko huko mpaka leo. Hakuna aliyemlaumu Dhanapal kwa mdomo. Alipokwenda kwa dada yake bado aliandaliwa kahawa, na bado alipewa bilauri ya kwanza. Kitu hicho, alisema baadaye, ndicho kilichomfanya awe anapita nyumba hiyo kwa barabara ya nyuma.

Ndiyo maana, deni lilipokwisha, alinyamaza. Kayal alikuwa amechumbiwa, harusi ikiwa Agosti. Kwa Watamil mjomba haji harusini mikono mitupu. Huja na msururu wa masinia, nazi, ndizi, manjano, sari, dhahabu kama anayo, na ukumbini mtu mwenye kipaza sauti hutangaza mjomba ameleta nini. Dhanapal alikuwa ameshaliona jambo lote kichwani: sinia la mbele kabisa, juu yake hati ya nyumba katika kitambaa cha hariri, ukoo mzima ukishuhudia. Miaka tisa ingefutika kwa dakika moja. Kati ya Februari na Agosti, alihesabu, hakuna kitakachoharibika.

Mwezi wa saba ulipoanza, aliandika barua. Alimweleza meneja wa tawi kwamba mkopo wa karakana umelipwa wote na akaunti imefungwa, akaomba mambo matatu: barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, hati halisi za nyumba alizoweka rehani, na afisa wa benki wa kwenda naye kwa msajili ili rehani ifutwe kwenye daftari la serikali. Hilo la tatu watu wengi hulisahau. Hati inaweza kuwa kabatini mwako, lakini usipokwenda kwa msajili, kila atakayeomba kumbukumbu za nyumba ile ataonyeshwa kwamba benki bado imeishikilia.

Afisa wa mikopo, Sugirtha, mwanamke kijana mwenye miwani aliyehamishiwa hapo kutoka Nagercoil, aliisoma barua kalamu ikiwa mkononi. Akaishia katikati.

"'Nilizoweka rehani.' Nani aliziweka, mzee?"

"Mimi."

Sugirtha akafungua faili, akaligeuza limtazame. "Aliyekabidhi hati hapa ni Vasugi, binti wa Kathamuthu. Wewe ni mkopaji. Barua ya kutodaiwa ni haki yako, hata kesho njoo uichukue. Hati zinarudi kwa mwenyewe."

"Ni dada yangu, madamu. Tumbo moja."

"Watu wa tumbo moja ndio wanaoshinda kutwa mahakamani, mzee wangu. Aje mwenyewe. Au akuandikie idhini, sahihi ifanane na hii, na idhini iseme wazi ni hati zipi na unazichukua wewe. Tena msichelewe. Hati haziko hapa, ziko kwenye ghala la makao makuu Chennai. Nikiomba leo, ni wiki tatu kama hakuna sikukuu."

Dhanapal alitoka na barua yake aliyokuja nayo. Njiani alipata wazo ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, lilimjia bila shida yoyote. Kila baada ya miaka michache benki ilitaka wote wawili wathibitishe deni, na kila mara yeye ndiye aliyempelekea dada yake karatasi zile za Kiingereza. Vasugi husoma gazeti la Kitamil kuanzia kichwa cha habari hadi matangazo ya vifo, lakini Kiingereza hakijui. Angeuliza tu, "Nitie wapi?" Basi idhini ichapwe kwa Kiingereza. Atie sahihi, asijue, na mshangao wa harusini ubaki palepale. Alilipa mchapaji karibu na ofisi ya msajili, akapanda baiskeli.

Vasugi alikuwa akiosha mashine ya kusagia. Kayal alikuwa nyumbani, ilikuwa zamu yake ya mapumziko, anapanga kadi za mwaliko sakafuni.

"Mjomba kapotea njia," Kayal alisema bila kuinua kichwa. "Mama, njoo uone, mjomba kapita barabara ya mbele."

"Nyamaza wewe, mlete maji," Vasugi alisema. Akajipangusa mikono kwa ncha ya sari. "Ni ile karatasi ya benki tena? Lete. Nitie wapi?"

Dhanapal akamwonyesha. Vasugi akainama juu ya kiti kutia sahihi, na ndipo mdogo wake alipoona shingo yake. Ule mkufu wa mama yao, wa mawe mekundu, ambao Vasugi hakuuvua hata siku ya kumzika mumewe wanawake walipomwambia auvue, haukuwepo.

"Mkufu uko wapi, dada?"

"Kwa sonara wa barabara ya hekalu. Nimeuza wiki iliyopita."

"Umeuza? Wa mama?"

"Ulitaka niozeshe mtoto kwa rojo la idli?" Hakuwa na hasira. Alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka kalamu. "Ukumbi wanataka malipo ya awali, mpishi naye vilevile. Nilikwenda benki ya ushirika, wakaniuliza hati ya nyumba. Nikasema iko kwa mdogo wangu, bado analipa. Sikutaka kukusumbua, najua unahangaika."

"Tutaukomboa."

"Nimeuza, sijaweka rehani. Kashauyeyusha. Nilikaa pale nikamtazama."

Sahihi ilikuwa imeshaanza, herufi ya kwanza ya jina lake katika Kitamil, ya duara. Dhanapal aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Usimalizie," alisema.

Akamweleza. Hakuanzia mwanzo, alianzia kwenye sinia, halafu kipaza sauti, halafu akarudi nyuma mpaka benki, na Kayal ndiye aliyelazimika kuuliza lile swali.

"Mjomba, deni limekwisha lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na karatasi hii inasema nini?"

"Kwamba mama yako ananiruhusu nizichukue."

"Kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza."

Kayal akacheka, kicheko kifupi cha watu wa dukani wanapoona bei imebandikwa vibaya. "Ungeiweka pamoja na ndizi au sinia lake peke yake?"

Vasugi hakucheka. Alikaa juu ya ngazi ya baraza.

"Kwa hiyo toka mwezi wa pili nyumba yangu ni huru," alisema. "Ilikuwa inangoja watazamaji."

"Nilitaka kukuheshimu, dada. Mbele ya watu."

"Hati nilikupa mbele ya nani? Tulikuwa mimi na wewe na kuku." Akageuka. "Kayal, chukua kalamu. Andika Kitamil, nitasema."

Barua ya pili, ambayo nakala yake bado ipo kwenye faili la tawi, ni fupi. Vasugi, mmiliki wa nyumba, anaarifu kwamba mkopo wa ndugu yake aliouwekea dhamana umelipwa wote. Anaomba hati halisi ya zawadi kutoka kwa baba yake, hati ya zamani ya babu, na karatasi ya serikali ya umiliki wa kiwanja, kama zilivyoorodheshwa siku alipozikabidhi. Anaomba rehani ifutwe kwa msajili. Sentensi ya mwisho Kayal aliisoma mara mbili kuhakikisha: hati asipewe mtu mwingine yeyote, hata akileta sahihi yangu.

"Hiyo ya mwisho pia?" Kayal aliuliza.

"Hiyo hasa."

Dhanapal aliombwa atie sahihi chini, kama mkopaji, kwamba hana pingamizi. Akatia. Baadaye alisema kwamba wakati huo angependa zaidi kupigwa.

Hati zilifika katikati ya Agosti, harusi ikiwa imekaribia. Sugirtha aliwaita wote wawili. Alizitandaza mezani moja moja, na Vasugi akazilinganisha na orodha, akigeuza kila ukurasa, akinusa mmoja kana kwamba ghala la Chennai lingeacha harufu. Dhanapal alipewa barua yake ya kutodaiwa, yenye muhuri. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati bila kuisoma. Bahasha ya hati iliposukumwa mbele, mkono wake ulitangulia, mazoea tu, na Sugirtha akaivuta nyuma kidogo mpaka mkono ule uliporudi.

Kutoka hapo walikwenda kwa msajili, afisa wa benki mbele na muhuri wake. Foleni ilikuwa ndefu. Kaka na dada walikaa benchi moja, bahasha mapajani mwa Vasugi.

"Nitakutengenezea mwingine," Dhanapal alisema. "Mawe yaleyale. Nitamtafuta sonara mzuri."

"Tengeneza taa. Ndiyo kazi unayoijua."

"Na harusini? Nije?"

"Kayal ana mjomba mwingine?" Vasugi alisema. "Njoo. Lete nazi na ndizi kama wajomba wa watu. Na ukiona mtu anakusifu kwamba umemrudishia dada yako nyumba, mwambie alikwenda kuichukua mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Kwa Kitamil."

Jina lake likaitwa. Karani alitaka kumpiga picha na kuchukua alama za vidole, mikono yote miwili mitupu. Vasugi aliitazama bahasha, akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameshainua viganja kuipokea. Akaiweka juu ya kiti cha mbele ya kamera, akaikalia, akamnyooshea karani vidole.