Ushuhuda wa Balbina na Unga wa Mchele

Miaka ishirini na mitatu Balbina alikuwa karani wa utafiti wa malaria hapa Ifakara. Alizunguka na baiskeli nyumba kwa nyumba, akiuliza nani kalala ndani ya chandarua na nani kalala nje, akiandika bila kumkunjia mtu uso. Sasa amestaafu, ana miaka sitini na miwili, anaishi Kibaoni na mume wake Apolinari na bata wasiosikia la mtu. Ila sifa haikustaafu. Wanawake wa jumuiya ya kanisani wakibishania jambo, mmoja lazima aseme, "Jamani, tumuulize Mama Noela." Akishasema yeye, limeisha.

Ndiyo maana mdogo wake Verediana alimtaka yeye na si mwingine.

Verediana anauza vidonge vya madini ya magnesiamu, vile vya ganda laini linalofunguka katikati. Havimtoki mdomoni. Januari, wakati wa kupandikiza mpunga, Balbina alikuwa akishinda ameinama kwenye tope, na miguu ikamtesa: usingizini misuli inakaza mpaka anapiga yowe na Apolinari anaruka kitandani akidhani kaingia mwizi. Verediana akaja na chupa. "Dada, kunywa kimoja kila jioni, utanishukuru." Balbina akanywa. Baada ya wiki mbili miguu ikatulia kabisa.

"Haya," Verediana akasema, macho yanawaka. "Jumamosi kwenye jumuiya simama utoe ushuhuda. Wewe ukisema, nani atabisha?"

Balbina alikaribia kukubali. Alikuwa anampenda mdogo wake, na miguu ilikuwa imepona kweli. Lakini jioni ile alipokaa kuchambua mchele, akaanza kujihesabia. Wiki ileile aliyoanza vidonge, kupandikiza kuliisha, hakuinama tena kwenye tope. Wiki ileile binti yake Noela alimpigia simu akamwambia anyooshe miguu ukutani kabla ya kulala. Na maji alikuwa amezidisha, kwa sababu ya joto. Halafu alianza dawa siku miguu ilipokuwa mibaya kupita zote, na kitu kikishafika pabaya kabisa, mara nyingi hushuka chenyewe. Sasa amshukuru nani hapo?

"Sisimami mpaka nijue," alimwambia Verediana.

"Kwa hiyo mimi tapeli?"

"Ningekuona tapeli ningekutumia salamu tu, nisihangaike. Nakupimia kwa sababu nakuheshimu."

Verediana akanuna, lakini akakubali, maana hakuwa na wasiwasi hata chembe na vidonge vyake.

Kwanza Balbina alikwenda zahanati. Muuguzi akamuuliza kuhusu figo, akauliza dawa nyingine anazotumia, akasoma kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, akasema hakuna shida. Kisha Balbina akaacha vidonge mwezi mzima wa Februari, akiandika tu. Kila asubuhi kabla hata ya kusema shikamoo kwa jirani, anachukua daftari na kuandika usiku uliopita misuli imemwamsha mara ngapi, maana ilikuwa imeanza tena, siku moja moja. Kunyoosha miguu ukutani hakuacha wala hakuongeza. Maji yaleyale, ndala zilezile, kitanda kilekile. Kitakachobadilika ni kidonge peke yake.

Lakini hata kidonge kina ujanja wake, na hilo alilijua tangu kazini. Mtu akijua kameza dawa, mwili unamfanyia heshima, unatulia hata kama alichomeza ni hewa. Kwa hiyo yeye mwenyewe asijue. Akanunua chupa mbili za vidonge thelathini thelathini, akampa mumewe kazi. Vidonge ishirini na nane avifungue, amwage kilichomo, ajaze unga laini wa mchele, avifute visiwe na vumbi. Ishirini na nane vibaki kama vilivyo. Atie kwenye mifuko minne yenye namba, kila mfuko vidonge kumi na vinne vya aina moja. Mfuko wa kwanza na wa pili, arushe shilingi kuamua upi uwe wa dawa na upi wa unga. Wa tatu na wa nne vivyo hivyo. Majibu aandike kwenye karatasi, aifunge ndani ya bahasha.

Apolinari alifaa. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga maisha yake yote, mikono haitetemeki, na maneno yake ni machache kama nywele zake. Akafanya kazi ile sebuleni, mke wake akiwa amefukuziwa uani pamoja na bata.

Kila mfuko ulikuwa wa wiki mbili. Wiki ya kwanza Balbina hakuihesabu, ili kilichotangulia kiishe mwilini. Wiki ya pili ndiyo iliyoingia hesabuni. Zikapita wiki nane, Kwaresima ikaisha, Pasaka ikaliwa. Mfuko wa kwanza, misuli ilimwamsha mara mbili. Wa pili, mara tano. Wa tatu, mara moja. Wa nne, mara nne.

Bahasha ikafunguliwa Verediana akiwepo. Wa kwanza na wa tatu, dawa. Wa pili na wa nne, unga.

"Tatu kwa tisa!" Balbina akasema. Verediana alipiga vigelegele mpaka bata wakakimbilia barabarani. Jumamosi ikapangwa. Balbina alifurahi, kwa sababu alikuwa ametamani sana mdogo wake awe amesema kweli.

Ijumaa akakaa kufunga daftari. Kazini hawakuwahi kufunga kitabu bila kuhesabu vidonge vilivyobaki, na mazoea hayo hayamtoki. Chupa mbili ni vidonge sitini. Vimetumika hamsini na sita. Vibaki vinne. Akafungua kabati. Akakuta chupa tatu. Na nyuma ya chupa, ndani ya kopo la majani ya chai, vidonge ishirini na nane. Akafungua kimoja. Unga wa mchele.

Akaliweka kopo mezani.

"Baba Noela! Hebu njoo."

Apolinari akaja, akaona kopo, akakaa chini mwenyewe bila kuambiwa.

"Chupa ya tatu umeitoa wapi?"

"Kwa shemeji Verediana. Nilimwambia ya dada yangu Klementina."

"Na mifuko ya unga?"

"Yote nilitia dawa." Akainua macho. "Ningekupaje unga, mke wangu? Asubuhi nakuona unashuka kitandani unashika ukuta. Nilishindwa. Kwenye karatasi niliandika kama ulivyoagiza, nisikuharibie."

Balbina alitaka kukasirika, na kwa dakika moja alikasirika kweli. Wiki nane! Halafu akamwangalia yule mzee aliyekaa kama mtu anayesubiri hukumu, hasira ikageuka kicheko, akacheka mpaka akashika mlango. Miaka thelathini na nane ya ndoa, na hajawahi kuambiwa anapendwa kwa namna ya gharama kama ile.

Kicheko kilipokwisha, akarudi kwenye daftari, na hapo ndipo akaona kubwa zaidi. Mifuko yote minne ilikuwa ya dawa ileile. Dawa ileile, na bado miguu imesema mbili, tano, moja, nne. Kumbe ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe tu, na kwa bahati ilipanda na kushuka sawasawa na karatasi ya uongo. Angesimama kesho mbele ya wanawake wanaomwamini, angeapa. Na asingekuwa amedanganya, angekuwa amekosea tu. 

Jumamosi hakutoa ushuhuda. Alisema, "Bado napima," akakaa. Verediana hakumsalimia wiki tatu.

Mara ya pili Balbina aliongeza mifuko ikawa sita, kwa kuwa sasa alijua minne haitoshi kwa miguu yenye tabia kama yake. Alisubiri kwanza mavuno yaishe, asije akachanganya tena kazi ya shamba na kidonge. Na ufungaji akampa wifi yake Klementina wa Sanje, dada yake Apolinari, mwanamke asiyemwonea huruma binadamu yeyote.

"Nikufungie unga?" Klementina alisema. "Hata mwaka mzima, wifi. Wewe ulinikatalia mbegu ya ndizi."

Alifungia hukohuko Sanje, akatuma mifuko yenye namba, bahasha akabaki nayo. Nyumbani Kibaoni hakuna aliyejua kitu, Apolinari akiwa wa kwanza kutojua. Aliletewa mfuko akauangalia kwa uchungu, lakini hakuwa na la kufanya. Kila mfuko ulipoisha, Balbina aliandika pia alichokihisi: huu ni dawa, huu ni unga. Tumbo halikumpa dalili yoyote, ladha haikuwepo, alibahatisha tu. Julai, Agosti, Septemba.

Klementina alikuja mwenyewe na bahasha, pamoja na dawa aliyoimwaga kutoka kwenye vidonge, imefungwa kwenye karatasi, kama ushahidi. Wakasoma. Mifuko mitatu ya dawa: mara nne, mara moja, mara tatu. Jumla nane. Mifuko mitatu ya unga: mara mbili, nne, moja. Jumla saba. Na katika kubahatisha, Balbina alipata mitatu kati ya sita, sawa na mtu anayerusha shilingi.

"Unga wangu umeshinda," Klementina akasema.

"Haujashinda. Nane na saba kwa miguu hii ni kitu kimoja."

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikutana nyumbani kwa Careen, mwenyekiti wao. Baada ya sala Balbina akasimama. Verediana alikuwa amekaa karibu na mlango, kitenge kipya, kifua mbele. Balbina alimwona, akaanza hata hivyo.

"Vile vidonge nimevipima mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza tulikosea. Mara ya pili tulipima vizuri. Kwangu mimi havikuzidi unga wa mchele. Nasema miguu yangu hii miwili. Ya mwingine sijaipima. Na mdogo wangu aliniletea kwa moyo mweupe, hilo nalo ni kweli."

Hakuna aliyebisha. Verediana alitoka kabla ya uji.

Balbina alilia njiani kurudi, akijisemea kwamba angeweza kunyamaza tu. Apolinari, aliyekuwa akimsubiri njiani kisimani, alimshika mkono hadi nyumbani, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi.

Jumatatu asubuhi alikuwa akiwapa bata pumba alipomwona Verediana getini. Mkononi ana chupa, imefunguliwa, imefika nusu.

"Hii ni yangu," Verediana alisema bila salamu. "Nakunywa ya usingizi, mwaka wa pili sasa. Nalala vizuri. Lakini tangu Jumamosi nikiimeza najiuliza." Akaketi kwenye kigoda, uso umevimba kwa kulia. "Nipimie na mimi."

"Una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana nimekuja." Akamsukumia chupa. "Ila sikia, dada. Vikigoma na kwangu, nitasimama mwenyewe kwenye jumuiya. Usinisemee."

Balbina akafuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani kutafuta daftari jipya.