Mtoto Aliyeambiwa Aliokotwa

Nakumbuka asubuhi ile katika stesheni ya Kolwezi, mwanangu, treni ilipoingia hatimaye na watu wakasukumana kana kwamba hawakuwahi kufundishwa adabu. Tulikuwa tumelala nje kwa majuma mengi, kila familia chini ya turubai lake, katikati ya magodoro, masufuria na cherehani zilizofungwa kwa kamba. Sisi ni watu wa asili ya Kasai, jimbo jingine la mbali. Babu zetu waliletwa kufanya kazi ya shaba, wazazi wetu wakazaliwa hapa, nasi tukazaliwa hapa. Mgodi ulipoporomoka na kazi zikafa, wenyeji wakatuambia twende kwetu, na hiyo kwetu wengi hatukuwahi kuiona. Vijana waliopita kando ya reli walituita wadudu.

Nilikuwa msichana wa miaka kama ishirini. Nilikuwa pamoja na mama yangu mzazi, ambaye wajukuu walimwita Kambo, na dada yangu mkubwa, Berthe, na mabinti zake wawili. Meta, mkubwa, alikuwa mtoto wa mume wa kwanza wa Berthe, mtu wetu wa Kasai, ambaye alikuwa ameshafariki. Solange, mwenye miaka saba, baba yake alikuwa Mreno, fundi wa mitambo mgodini. Kazi ilipokufa alirudi kwao, na tangu hapo hatukupata habari zake. Meta alikuwa mweusi kama mama yake. Solange alikuwa na ngozi ya hudhurungi nyepesi, madoa madogo puani, na nywele nyingi za mawimbi zilizojifunga fundo usiku na kukatika zikichanwa kavu.

Elewa kwamba watu wa stesheni hawakuwa wabaya. Walikuwa na hofu, hawakuwa na shughuli, na mtoto wa sura ya pekee aliwapa la kuzungumza. Tangu asubuhi hadi jua linapotua walipita na maneno yao. Mmoja alisimama akamtazama mtoto, kisha akamtazama mama, kisha akarudi kwa mtoto.

"Mama Meta, huyu mutoto njo wako kweli?"

Mwingine aliuliza, "Unamupakaka dawa gani ku ngozi?"

Wengine hawakuuliza lolote. Walitia tu vidole kichwani mwa mtoto, wakavuta kishungi kimoja, wakakiachia kiruke, wakacheka. Hata sifa zilikuwa na makali. Mwanamke mmoja tuliyechota naye maji kisimani alimshika Solange kidevu na kusema, huku Meta amesimama hapo hapo na ndoo yake, "Huyu alipata bahati, nywele muzuri kama ya bazungu. Haiko kama ya mukubwa wake." Meta alivuta kitambaa chake hadi kwenye nyusi, na kuanzia siku hiyo hakukivua hata wakati wa kulala.

Dada yangu alikuwa mcheshi, na alikuwa amechoka. Hakutaka kuwaeleza wageni habari za Mreno, maana kila maelezo yalizaa swali jingine: alikuoa, hakukuoa, anatuma pesa, hatumi? Hivyo alijitengenezea jibu la kufunga mazungumzo. Alikuwa nalo tangu tulipokuwa bado nyumbani kwetu, na pale stesheni alilitumia mara nyingi zaidi.

"Ah, huyu? Nilimuokota ku Mashamba, pembeni ya shimo ya mugodi. Nilikuta analia, nikasema, acha nimubebe."

Watu walicheka, wakaenda zao. Jibu lilifanya kazi yake barabara, na ndiyo sababu hakuna aliyelikataza. Tunawaambia hivyo hata watoto wa ukoo mmoja wanapogombana: wewe uliokotwa, wewe uliletwa na mvua. Mtoto anayefanana na mama yake husikia mzaha, hucheka na kuendelea kula. Lakini Solange alikuwa akijitazama katika maji ya beseni, akawatazama mama yake, dada yake, nyanya yake na mimi, na kila alichokiona kilithibitisha maneno yale. Hakuwahi kuuliza. Kwa nini aulize jambo ambalo mama yake mwenyewe amelisema mbele ya watu, tena mara nyingi?

Karibu na stesheni palikuwa na Mama Mwadi, mwanamke wa hapa hapa, muuza mihogo ya kuchemsha. Alikuwa na moyo. Alitupunguzia bei, na vijana walipotutukana aliwafokea. Siku moja alimwambia Berthe, Solange akisikia, "Mama Meta, njia ni mubaya, batoto banakufa mu treni. Huyu muniachie. Sura yake haisemi Mukasai, hakuna mutu hapa atamugusa." Berthe alimshukuru, akacheka kwa namna yake, akasema, "Utamuweza? Anakula sana huyu." Hakusema ndiyo. Lakini, mwanangu, wala hakusema hapana.

Basi treni ikaingia. Tukarusha mizigo, nikapanda na kumvuta Meta kwa mikono miwili, Kambo akasukumwa ndani kama gunia. Berthe alikuwa chini bado, ameshika mlango. Akahesabu vichwa vyetu, na uso ukambadilika.

"Solange iko wapi?"

Hakuwepo. Aliita jina lile mpaka sauti ikakauka. Watu wakamwambia apande, mtoto yuko behewa jingine bila shaka, watoto hujificha. Kambo hakuwasikiliza. Alishuka kwa matako, mwanamke wa umri ule, na kunyoosha mkono kuelekea kwenye moshi wa jiko la mihogo. Nasi tukashuka, tukiacha humo nusu ya vitu vyetu.

Tulimkuta ameketi nyuma ya sufuria la Mama Mwadi, kifurushi cha nguo zake mapajani. Alikuwa amejifunga kitambaa na kuficha nywele zote. Mama Mwadi alisimama na kijiko mkononi, ameduwaa. "Alisema mulimutuma," alinieleza. "Alisema mulikubali."

Berthe alimshika mabega. "Solange, treni inaenda! Unafanya nini huku?"

Mtoto alijibu bila kulia. Nadhani alikuwa ameyapanga maneno yake tangu mapema.

"Mama, mi nabakia. Bale bantu banafukuza Bakasai tu. Mi haiko wako. Ulisema uliniokota ku Mashamba."

Nyuma yetu treni ilipiga filimbi. Hakuna aliyegeuka.

Dada yangu aliyaachia mabega ya mtoto. Kambo ndiye aliyesema, tena hakupandisha sauti. "Berthe, kila siku ulijibu bamama ba mu njia. Huyu mutoto, ulimujibu lini?"

Kisha akaketi chini kwenye vumbi, akamvuta Solange karibu, akamwambia Berthe, "Ongea. Mi nitasikiliza kama unasema kweli."

Berthe akapiga magoti. Akamwambia kwamba alimbeba tumboni, kwamba alizaliwa asubuhi ya mvua kubwa, kwamba Kambo ndiye aliyempokea na kumfuta uso, na kwamba mimi nilikimbia barabarani kuita majirani nikiwa na kiatu kimoja. Akamwambia jina la baba yake, kazi yake, na kwamba mawimbi ya nywele na madoa ya pua aliyatoa kwake. Akamwambia kwamba baba aliondoka, na kwamba kuondoka kwake hakukusababishwa na mtoto. Mwisho akasema, "Ile ya kuokota, nilisema juu nilichoka na maswali. Ilikuwa bongo, haikuwa kweli. Nilikosa mbele yako, mwanangu."

Solange alimgeukia nyanya yake. "Kambo, ni kweli?"

"Ni kweli. Ulinikojolea hapa," Kambo alisema, akionyesha kifua chake, "kabla hata nikuangalie muzuri."

Treni ile iliondoka bila sisi. Tulingoja nyingine kwa muda mrefu, mvua zikatukuta pale pale, nami sitakudanganya kwamba haikutugharimu. Wala mtoto hakupona kwa maneno ya asubuhi moja. Kila jioni aliomba asimuliwe tena habari za kuzaliwa kwake, na akisikia kipande kimerukwa alikidai. Mama yake alisimulia kila alipoombwa, hata siku alizotaka tu kulala.

Maneno ya watu hayakupungua. Majibu ndiyo yaliyobadilika. Mtu akiuliza kama mtoto ni wake, Berthe alisema, "Ni wangu, nilimuzala," akanyamaza. Na aliyetaka habari zaidi alikuta mlango umefungwa. Mkono ukienda kichwani mwa mtoto, aliuzuia kwa upole, "Muulize yeye kama anataka." Solange mara nyingi alisema hapana, na hapana yake iliheshimiwa hata kwa wazee. Yule wa kisimani aliporudi na sifa zake, Berthe alimwambia, "Niko na batoto babili, mama, na bote banasikia." Kisha usiku, wageni walipokwenda, aliwauliza mabinti wote wawili, "Leo maneno gani yaliwauma?" Akawasikiliza wote wawili.

Jumapili ilikuwa siku ya nywele. Alizilowanisha za Solange, akazipaka mafuta ya mbegu za mchikichi, akazigawa mafungu, akachana kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani akipanda taratibu hadi kwenye mizizi. Kisha alimsuka Meta, kwa muda ule ule na kwa uangalifu ule ule. Ilichukua Jumapili kadhaa kabla Meta hajavua kitambaa chake bila kuambiwa.

Mwanangu, nimerudi kuishi Kolwezi, na migodi imeleta wageni wengine. Naona mikononi mwenu watoto wa macho na nywele ambazo mitaa yetu haikuzizoea, nasikia maswali yale yale, na nasikia mnavyojibu kwa mzaha. Nakuambia kwa ukali kwa sababu nakupenda: anayekuuliza njiani ataondoka, lakini mtoto anayesikia jibu lako atalala nalo. Usiseme mbele yake neno ambalo hutaki aliamini. Mweleze alikotoka mapema, kabla mgeni hajamweleza, na usimtukane baba aliyeondoka, kwa kuwa mtoto hubeba sura yake kila aendako. Usikubali sifa inayomshusha ndugu yake, hata ikitoka kwa mama mkwe. Mwite kando umwambie kwa heshima, lakini umwambie. Usizichome nywele kwa dawa ili watu wanyamaze, maana hawatanyamaza, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba kosa liko kichwani mwake. Mpe maneno mafupi ya kujisemea siku usipokuwepo. Na kama umeshakosea, usiogope kupiga magoti mbele ya mtoto wa miaka saba.

Mungu akujalie subira mbele ya wanaouliza, na ukweli mbele ya uliowazaa. Watoto wako wakae mezani pako bila hata mmoja kujihisi mgeni, na wanapoitwa jina lako, waitike wote.