Ujumbe wa Fundi kwa Kiti cha Dirishani

Bora niseme mwenyewe kabla watu hawajanisemea: nina wivu. Si wivu wa mke, maana huyo wangu, kwa ulimi ule alionao, hakuna wa kunipokonya. Wivu wangu ni wa vichwa. Kichwa nikishakinyoa mara tatu nakihesabu changu, na nikikikuta barabarani kimenyolewa na mtu mwingine, naujua mkono wake kwa mstari aliouacha kisogoni, na siku yangu inaharibika hapo hapo.

Saluni yangu ina viti viwili. Cha ndani ni changu. Cha dirishani nimempangisha dada mmoja ambaye wateja wamembandika jina la Taratibu, kwa kuwa kichwa ninachokimaliza kwa dakika kumi na mbili yeye hukikalia nusu saa. Alipokuja, miezi minane iliyopita, nilijisemea hamalizi hata mwezi. Polepole hivyo atakula nini? Kila asubuhi anaosha vichana vyake kwa sabuni, anaviloweka kwenye dawa, anavipanga juu ya taulo safi. Mteja mmoja akiinuka, kabla mwingine hajakaa, anafungua meno ya mashine, anayapiga brashi, anayapulizia spiriti na kusubiri yakauke.

"Dada," nilikuwa nikimwambia mbele ya watu, "hapa ni saluni au chumba cha upasuaji?"

Watu wanacheka, yeye naye anacheka, na kazi anaendelea nayo vilevile. Kufika mwezi wa tano benchi lilikuwa limejaa watu wanaomngoja yeye, huku kiti changu kiko kitupu. Namkaribisha mtu, ananiambia, "Aa, kaka, namsubiri dada." Hebu fikiria. Ndani ya saluni yangu, chini ya bati langu, kwa umeme wangu.

Hao wote niliwavumilia kwa sababu nilikuwa na Fundi. Fundi ni fundi cherehani, duka lake ni la tatu kutoka langu, na ni rafiki yangu wa miaka kumi na minne. Suruali zangu zote amezishona yeye, na kiuno kinavyoongezeka anazipanua bila kunisema. Mimi nilikuwa nikimnyoa kila baada ya wiki mbili. Kichwa chake hakikuwa cha kila mtu: kilikuwa na mabaka manene yenye magamba meupe, mengine juu ya masikio, mengine kisogoni. Nilijua ni mba sugu, na mba nilikuwa na dawa yake. Nakwangua kwa kichana mpaka magamba yote yanaanguka, napitisha wembe pembeni, halafu namwaga spiriti. Fundi anafumba macho na kukaza taya.

"Ikiwasha ujue inafanya kazi," namwambia.

Nilijivunia kichwa kile kuliko vyote. Vinyozi wengine wangekikimbia, mimi sikukikimbia.

Basi Fundi akapotea. Miezi mitatu hakukanyaga saluni, na akaanza kuvaa kofia. Tukikutana ananiamkia vizuri, ananiambia kazi zimembana. Kazi gani ya kumbana mtu mpaka kichwani? Nikawa natafuta visingizio vya kupita dukani kwake ili nichungulie chini ya kofia, nione ni nani aliyeninyang'anya. Sikuona mkono wa mtu. Niliona nywele zimekua ovyo na unga mweupe umeanguka mabegani.

Alhamisi moja simu ya saluni ikalia mlio wa ujumbe. Simu hiyo hukaa juu ya rafu, namba yake imeandikwa mlangoni, na yeyote aliye karibu huishika. Taratibu alikuwa ametoka kwenda kununua wembe. Nikasoma.

"Dada wa kiti cha dirishani, pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani, jirani yenu. Samahani kwa maneno mengi, lakini mambo haya nikianza kuyasema mbele ya benchi nitashindwa. Kichwa changu kina ugonjwa wa ngozi. Daktari anauita soriasisi. Si mba, si uchafu, na hauambukizi. Ngozi ikikwaruzwa inatoka damu, halafu mabaka yanazidi. Kwa hiyo naomba magamba usiyakwangue, yaache yalivyo hata kama yanakukera. Tumia mashine yenye kichana namba mbili na usiikandamize. Ikipata moto ipumzishe. Wembe usinipitishie kabisa, hata pembeni. Spiriti iishie kwenye vifaa, kichwani usinipake. Nimekuwa nikiona unavyosafisha vichana vyako, ndiyo maana nakuandikia wewe. Naomba na taulo liwe safi, ambalo halijatumika kwa mtu. Nahitaji kupiga picha ya pasi ya kusafiria, na kofia hawairuhusu. Je, naweza kuja Jumanne asubuhi, kabla watu hawajajaa? Ukiona ni kazi ngumu, niambie tu, sitakasirika."

Mtu mwenye akili timamu angesoma hapo kuhusu damu. Mimi nilisoma "ndiyo maana nakuandikia wewe". Nikarudia, nikarudia tena. Miaka kumi na minne mimi, halafu anaandikiwa mtu wa miezi minane! Nikajibu kwa haraka, bila kuweka jina: "Karibu Jumanne saa mbili. Nimeelewa yote." Kisha nikaufuta ujumbe, ule wake na huo wangu. Taratibu aliporudi na wembe wake nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwema kabisa, kwamba Jumanne apumzike kidogo, aje saa nne.

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka nimfanyie Fundi kila alichoandika, moja baada ya jingine, mpaka mwenyewe aone alikosea mlango. Jumanne niliamka mapema. Nikachukua taulo jipya kabatini, mke wangu akauliza ni mgeni gani anakwenda kuoga saluni. Nikaosha vichana vyangu kwa sabuni, na maji yaliyotoka humo sitaki kuyaeleza. Nikaviloweka kwenye dawa ya Taratibu, nikavipanga kama yeye. Mashine nikaifungua meno; nilikuta humo nywele za watu wa tangu mwaka jana.

Saa mbili kamili Fundi akaingia. Macho yake yalikwenda moja kwa moja dirishani.

"Dada yupo?"

"Anachelewa leo. Kaa, rafiki yangu, nimeshaelezwa kila kitu."

Alisimama pale kofia ikiwa mkononi, anaizungusha kama anayetafuta mshono uliofumuka. Nilidhani ataondoka. Akasema, "Haya, sawa," akakaa.

Nilianza vizuri, na hilo nitaliapia popote. Taulo jipya, kichana namba mbili, mkono mwepesi. Mashine ilipopata joto nikaizima, nikaipuliza, tukaongea habari za mtoto wake anayekwenda kumtembelea. Upande wa kulia ukaisha bila hata mkwaruzo. Nikajiona bingwa. Nikatamani Taratibu angekuwepo aone.

Kisogoni palikuwa na gamba kubwa limenyanyuka upande mmoja, linaning'inia. Miaka kumi na minne magamba kama lile yalikuwa riziki ya kucha zangu. Sikufikiri. Kidole gumba kilikwenda chenyewe, kikalinyanyua, na likatoka na ngozi. Vidoa vya damu vikachomoza, vidogo vidogo, vingi. Fundi hakupiga kelele. Alishika mikono ya kiti tu, mabega yakapanda. Nami kwa kuchanganyikiwa nikanyoosha mkono kuchukua chupa ya spiriti.

"Kaka, hapana!"

Taratibu alikuwa mlangoni. Ilikuwa saa mbili na nusu. Hata ukimpa ruhusa hachelewi. Aliweka mkoba chini, akanawa mikono, akatoa kitambaa safi kwenye pakiti, akakishikilia juu ya damu bila kusugua. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mashine hiyo iweke pembeni, imegusa damu," akasema. "Nitatumia yangu."

Fundi akamtazama kwenye kioo. "Dada, kwani hukuupata ujumbe wangu?"

"Ujumbe gani?"

Wote wawili wakanigeukia. Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Niliusoma mimi," nikasema. "Nikaufuta."

"Uliusoma wote?" akauliza Fundi.

"Wote."

"Halafu ukanifanyia hivi."

Hakuwa amepandisha sauti. Nilitamani aipandishe, nami nipate kupandisha yangu.

"Ni mkono tu, Fundi. Mkono umezoea. Lakini na wewe, kwa nini humwambii rafiki yako, unakwenda kumwandikia mtu uliyemjua juzi?"

"Nilikwambia. Mwaka ule wa kwanza nilikwambia inauma. Ukasema mbele ya benchi, mwanamume mzima analizwa na kichana. Watu wakacheka, nami nikacheka nao."

Sikukumbuka. Hilo nalo nalisema kweli: sikukumbuka hata kidogo, ila nilijua nilisema, kwa sababu ni mzaha wangu.

"Sasa kwa nini uliendelea kuja?"

"Vinyozi wako wengi," akasema. "Rafiki nilikuwa naye mmoja."

Damu ilipokauka akahamia kiti cha dirishani. Akamweleza Taratibu upya kwa sauti ya chini yale yote aliyoandika, na Taratibu akamwuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuyafikiria: wapi panauma zaidi, anatumia dawa gani, mashine ikipita hapa anaionaje. Mabaka yale alikuwa akiyazunguka taratibu, na magamba akayaacha mahali pake. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, mikono mapajani, namwangalia anavyokishika kichwa changu. Bado nilikiita changu.

Baada ya robo saa hivi nikasikia sauti ambayo sikuielewa. Nikageuka. Kidevu cha Fundi kilikuwa kimeangukia kifuani, mdomo wazi, anakoroma. Taratibu alikuwa amezima mashine, amesimama anamngoja. Miaka kumi na minne, kila wiki mbili, na hajawahi kusinzia kwenye kiti changu hata mara moja.

Nje wateja wa kwanza walikuwa wanakuja, na mmoja akaanza kuniita kwa kelele tangu kule barabarani. Nikainuka, nikatoka, nikaurudisha mlango nyuma yangu polepole.

"Punguza sauti," nikamwambia. "Kuna mtu amelala."