Ujumbe wa Pili wa Asubuhi

Kwenye kliniki yetu karibu na Nkubu, niliandika programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha kumeza dawa kila asubuhi. Stima ikipotea na kurudi, programu huanza upya, kwa hivyo niliiwekea rekodi. Kabla ya kumtumia mgonjwa ujumbe, inaandika namba yake na tarehe. Ikikuta vimeshaandikwa, inamruka. Afadhali akose ujumbe kuliko ameze mara mbili.

Rafiki yangu, niliyemfundisha kazi hiyo mstari kwa mstari, alitaka kumwonyesha mkubwa wetu jinsi inavyotuma. Saa nne asubuhi alifuta rekodi ya siku hiyo, akaiwasha programu tena. Wagonjwa wote wakapata ujumbe wa pili. Mkubwa alipouliza, msaliti yule alininyooshea kidole: “Programu ni yake.”

Nilitoka nje, nikampigia mama, naye ni mgonjwa wetu.

“Mama, leo umemeza dawa mara ngapi?”

“Mara mbili, na kichwa kinanizunguka. Si wewe ulisema simu ikiniambia nimeze, nimeze tu, nisiulize?”